Picha ya saiti: hili ni tofali la kuchoma, la udongo-saruji au bloku?

Kosa langu la kwanza katika kazi hii nililifanya kwa sababu ya rangi. Nilitumiwa picha ya ukuta mwekundu, nikaandika kwenye ripoti "tofali la kuchoma", kisha nikapiga hesabu ya saruji na mchanga wa kujengea kana kwamba kila mstari una chokaa ya milimita 15. Ukuta ule ulikuwa wa matofali ya udongo-saruji yaliyopangwa makavu, tofali juu ya tofali, bila chokaa kati yao. Mifuko ya saruji niliyoagiza ilikaa stoo hadi ikaanza kuganda. Tangu siku hiyo rangi naiangalia mwisho.

Mwongozo huu unafuata njia ninayopitia ninapoletewa picha: naanza na kile jicho linachokiona, natafuta kinachoweza kukisababisha, kisha naangalia mahali pa kuthibitishia. Nimekaa zaidi kwenye mkanganyiko mmoja, kati ya tofali la kuchoma na tofali la udongo-saruji, maana ndiko watu wanakoangukia. Bloku ya saruji haisumbui sana, isipokuwa picha ikiwa mbaya.

Kwanza tukubaliane majina

Bloku ni tofali la saruji na mchanga, mara nyingine na kokoto ndogo, linaloshindiliwa kwenye kalibu kisha kuachwa likomae kwa maji. Uso wake wa mbele mara nyingi ni milimita 450 kwa 225, au 390 kwa 190. Tofali la kuchoma ni udongo wa mfinyanzi uliofinyangwa ukiwa laini, ukakaushwa, ukaingia tanurini. La kiwandani huwa karibu milimita 215 kwa 65. La tanuri la kienyeji hutofautiana, lakini aghalabu huangukia kati ya 70 na 90 kwa kimo. Tofali la udongo-saruji ni udongo wenye mchanga, uliochekechwa, ukachanganywa na saruji kidogo, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, kisha ukabanwa kwa mashine ukiwa na unyevu tu, bila kuchomwa. Uso wake huwa karibu 300 kwa 100, au 290 kwa 90. Yapo pia mafupi na mapana ya 240 kwa 115. Aina ya kufungamana, yenye ulimi na mfereji, ambayo mafundi wengi huiita intaloki, ni mojawapo ya hayo ya udongo-saruji.

Dalili: ukuta ni mwekundu au kahawia, na hujui kama umechomwa

Sababu zinazowezekana ni tatu. Huenda ni tofali la kuchoma, huenda ni udongo-saruji uliotokana na udongo mwekundu, au huenda ni bloku ya kijivu iliyopakwa vumbi la saiti na kupigwa picha jua likizama. Hii ya tatu iondoe kwanza, kwa sababu inaondoka kwa kuhesabu tu.

Tafuta mlango. Kutoka sakafuni hadi chini ya linta kwa kawaida ni kama milimita 2100. Hesabu mistari ya matofali katika urefu huo. Bloku ya kimo cha 225, pamoja na chokaa yake, inatoa mistari 9 hivi. Ya 190 inatoa 10 au 11. Ukipata 18 na kuendelea, bloku ya kawaida imetoka kwenye kinyang'anyiro. Bado huwezi kusema ni lipi kati ya mawili yaliyobaki, kwa sababu udongo-saruji wa kimo cha 100 unatoa mistari 21, na tofali la kuchoma la 75 lenye chokaa ya 20 linatoa 22. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitegemea.

Napendelea kuhesabu mistari kuliko kupima uwiano wa urefu na kimo cha tofali moja, na sababu yake ni pembe ya kamera. Mpiga picha akisimama pembeni, ukuta unakimbia kwenda mbali na urefu wa kila tofali unapungua kwenye picha huku kimo kikibaki karibu vilevile. Bloku yenye uwiano wa 2 kwa 1 inaweza kuonekana mraba kabisa. Mistari kati ya sakafu na linta haibadiliki idadi hata kamera ikiinama, ilimradi uihesabu pale pale ubavuni mwa mlango.

Uwiano una mtego mwingine pia. Ukuta wa tofali la kuchoma wenye unene wa tofali zima unachanganya mbavu na vichwa, yaani mengine yamelala kwa urefu na mengine yanaonyesha ncha yao fupi. Ukipima kichwa ukidhani ni ubavu, utapata kitu kama 110 kwa 75, na utaanza kutafuta tofali la ajabu ambalo halipo.

Mahali pa kuamulia: kiungo kati ya matofali

Baada ya kuhesabu mistari, usikimbilie uso wa tofali. Tazama mwanya ulio kati ya matofali, ule mafundi wanaouita jointi. Unaonekana hata kwenye picha ya mbali iliyopoteza umbile lote la uso, na unabeba historia ya namna tofali lilivyotengenezwa.

Tofali la kuchoma la kienyeji lilikuwa tope laini kabla halijakauka. Lilipotolewa kwenye kalibu na kulazwa chini lilibonyea kidogo, likapinda kidogo, kisha likanywea likikauka na likanywea tena tanurini. Hakuna mawili yanayolingana barabara. Fundi anapoyajenga hana budi kumeza tofauti hizo ndani ya chokaa: hapa milimita 10, pale 25. Ndiyo maana jointi ya ukuta wa kuchoma huwa nene na hupandapanda, na upana wake hubadilika ndani ya mstari mmoja.

Tofali la udongo-saruji limetoka kwenye kalibu ya chuma likiwa limebanwa, halina maji ya kutosha kunywea sana, na halipiti motoni. Yanalingana. Kama ni la kufungamana, hupangwa makavu na jointi yake ni uzi mwembamba wa kivuli, bila rangi ya chokaa. Kama ni bapa lisilo na ulimi, hujengwa kwa chokaa, lakini chokaa hiyo huwa nyembamba na sawasawa, kama milimita 10 mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo unauliza: jointi inameza makosa, au haina makosa ya kumeza? Tofali la kuchoma la kiwandani, linalosukumwa kwa mashine na kukatwa kwa waya, nalo hulingana vizuri na hujengwa kwa jointi nyembamba. Hilo usilihukumu kwa jointi peke yake. Litafute kwa matundu yake yanayopita kutoka juu hadi chini, yanayoonekana kwenye rundo ambalo halijajengwa, na kwa mikwaruzo iliyonyooka ubavuni pale udongo ulipopita kwenye mdomo wa mashine.

Dalili: rangi inabadilika kutoka tofali moja hadi jingine

Hapa rangi inapata kazi yake. Rangi yenyewe haisemi kitu, lakini namna inavyotawanyika inasema mengi.

Tanuri la kienyeji haliwi na joto moja. Matofali yaliyokuwa karibu na midomo ya moto hutoka yakiwa zambarau au meusi, mengine yakiwa na ngozi inayong'aa kama kioo, na mengine yameyeyuka kidogo na kupinda. Ya pembeni kabisa hutoka machungwa mepesi, hayajaiva vizuri. Rundo likifika saiti yote yamechanganyika, na fundi huchukua linalokuja mkononi. Matokeo yake ni ukuta wa madoadoa: jeusi kando ya jekundu kando ya jepesi, bila mpangilio wowote.

Udongo-saruji hubadilika kwa mafungu. Siku moja udongo umechimbwa juu, siku nyingine chini zaidi; mchanganyiko mmoja ulikuwa na maji zaidi ya mwingine. Matofali ya siku moja hukomaa pamoja, hupangwa pamoja na hujengwa pamoja, hivyo ukutani utaona mikanda: mistari sita ya rangi hii, kisha mistari minne iliyo nyepesi kidogo. Ukiona tofali moja jeusi linalong'aa katikati ya mekundu, moto umehusika. Sijawahi kuona mashine ya kubana udongo ikitoa kitu cha namna hiyo.

Angalizo moja kuhusu mistari ya chini. Ukuta wowote unaonyonya maji kutoka ardhini huwa mweusi chini, na chumvi inaweza kutokea juu yake kama unga mweupe. Huo ni unyevu, na aina zote tatu hupatwa nao. Hesabu zako za rangi zianzie mstari wa sita hivi kwenda juu.

Dalili: picha ni ya karibu, uso unaonekana, lakini hauelewi

Umbile la uso ni ushahidi mzuri pale tu mwanga unapoanguka kutoka pembeni. Flashi ya simu hupiga uso moja kwa moja, huua vivuli vyote, na baada ya hapo bloku na udongo-saruji huonekana kama ubao uliopakwa rangi. Jua la adhuhuri likiupiga ukuta uso kwa uso lina shida hiyo hiyo. Mwambie aliyeko saiti apige tena asubuhi au jioni, wakati jua linauteleza ukuta, akiwa umbali wa sentimita 30 hadi 50, na futi ya kupimia iwe ndani ya picha. Na kama anatuma kwa WhatsApp, aitume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa, na kinachopotea kwanza ni zile chembe ndogo unazozitafuta.

Ukiwa na picha nzuri, bloku huonyesha uso wa chembe zilizoshikana na vijitundu kati yake, kama mkate uliookwa kwa haraka. Mchanga unauona, na hata mahali kokoto ilipobanduka. Kingo zake huwa zimemomonyoka kidogo, hasa kama ilishindiliwa kwa mkono.

Uso wa udongo-saruji ni wa kubanwa: bapa, laini, usiong'aa, na kingo kali kama za sanduku. Ukitazama ubavu kwa makini unaweza kuona tofauti kati ya sehemu iliyokuwa karibu na bamba la mashine, iliyoshikana sana, na sehemu ya mbali nalo iliyo na chembechembe zaidi. Pembe zake humeguka kwa vipande vidogo, hazipindi. Pembe iliyopinda ni dalili ya kitu kilichowahi kuwa tope.

Tofali la kuchoma lina mikunjo. Udongo laini ulipotupwa ndani ya kalibu ulijikunja, na mikunjo ile ikabaki ubavuni kama ngozi ya kiwiko. Mara nyingi kuna mchanga uliogandia, alama ya nyasi lilipolazwa kukauka, hata vidole vya aliyelibeba bichi. Nikiona alama ya vidole huwa nasimama hapo hapo na kuandika jibu.

Kama kuna tofali lililovunjika kwenye picha, litazame kabla ya mengine yote. La kuchoma mara nyingi huonyesha kiini cha rangi tofauti na ganda lake, kijivu au cheusi katikati na chekundu nje, kwa sababu joto na hewa havikufika ndani sawasawa. La udongo-saruji ni la rangi moja hadi ndani, lenye mchanga na vijiwe vidogo vinavyoonekana, na pengine donge la udongo ambalo halikuchanganyika. Bloku ni ya kijivu mpaka moyoni, hata kama nje imepakwa vumbi jekundu.

Picha moja, mwanzo hadi mwisho

Nichukue picha moja niliyoifanyia kazi. Ni nyumba iliyofika linta, ukuta kahawia-nyekundu, imepigwa kutoka mita kumi hivi, kidogo kutoka pembeni. Aliyeituma aliandika "tofali la kuchoma". Mistari minne ya chini ilikuwa myeusi kuliko mingine, na mstari wa kwanza juu ya msingi ulikuwa na chokaa nene ya kijivu. Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyomfanya aamini kuna moto na chokaa.

Nilianza ubavuni mwa mlango. Kutoka sakafuni hadi chini ya linta nilihesabu mistari 20 na nusu. Milimita 2100 ukizigawa kwa 20.5 unapata kama 102 kwa kila mstari, pamoja na jointi yake kama ipo. Bloku imeondoka.

Kisha nilikuza picha. Mstari mmoja ulikuwa na kimo cha pikseli 30. Kama pikseli 30 ni milimita 102, pikseli moja ni kama milimita 3.4. Chokaa ya milimita 15 ingekula pikseli nne hadi tano. Nilichokiona kati ya mistari ni uzi mweusi wa pikseli moja, wakati mwingine haupo kabisa. Hapakuwa na nafasi ya chokaa.

Ukuta uliokuwa umeelekea kamera zaidi ulinipa urefu wa tofali moja wa pikseli 88, yaani kama milimita 300. Uso wa 300 kwa 100, jointi ya uzi, na jointi za wima za mstari mmoja zikiangukia katikati ya tofali la mstari wa chini bila kuyumba: hayo ni matofali ya kufungamana ya udongo-saruji.

Bado nililazimika kueleza vile vitu viwili. Chokaa ya mstari wa kwanza ni kawaida. Hata matofali ya kufungamana huanza kwa kulazwa juu ya chokaa ili mstari wa chini ukae sawa na pima maji, maana kosa la milimita tatu pale chini halirekebishiki huko juu pasipo na chokaa. Na ule weusi wa chini ulikuwa na ukingo wa juu uliopinda-pinda kama mawimbi, ukakatisha katikati ya matofali. Rangi ya moto hufuata mipaka ya tofali: tofali zima ni jeusi au siyo. Maji hayajali mipaka hiyo. Ulikuwa unyevu wa mvua iliyoruka kutoka ardhini.

Nilimwomba picha moja zaidi, ya pembe ya dirisha ambako tofali lilikatwa. Ndani palikuwa kahawia-nyekundu ile ile ya nje, na vijiwe vya ukubwa wa punje ya mtama. Nikaandika udongo-saruji.

Dalili: mistari ni michache, au uwiano ni 2 kwa 1, lakini rangi ni ya udongo

Hapa kuna tofali la udongo-saruji la 240 kwa 115. Uwiano wake ni karibu 2 kwa 1, sawa na bloku, na kwenye picha isiyo na mlango wala mtu linaweza kukudanganya kabisa. Tafuta kipimo chochote ndani ya picha. Mlangoni litatoa mistari 18, mara mbili ya bloku ya 225. Kama hakuna mlango, tafuta fundi aliyesimama kando ya ukuta: bloku sita za 225 hufika begani kwa mtu mzima, lakini matofali sita ya 115 yanaishia mapajani.

Kinyume chake pia hutokea: bloku za saruji zenye ulimi na mfereji, zinazopangwa makavu. Jointi ni uzi, umbo ni la kufungamana, lakini kitu chenyewe ni saruji na mchanga. Hapo umbo limeshindwa kukusaidia na umbile ndilo linaloamua: chembe na vijitundu vya kijivu, au uso bapa wa udongo uliobanwa.

Dalili: kingo zimeliwa, tofali limekuwa la mviringo

Watu hukimbilia kusema "udongo-saruji umeyeyuka". Huenda ni kweli, kama saruji ilikuwa kidogo au tofali halikumwagiliwa maji siku zake za mwanzo. Lakini tofali la kuchoma lisiloiva huliwa na mvua kwa namna ile ile. Tazama majirani zake. Kama yanaliwa moja moja, hapa na pale, na mengine kando yake yana kingo nzima, ni kuchoma kusiko sawa. Kama mkanda mzima wa chini umeliwa kwa kiasi kinacholingana, ni udongo-saruji unaopigwa na maji yanayoruka.

Pale picha inapofika mwisho wake

Ukuta uliopigwa plasta au kupakwa rangi nzito, acha. Usikisie kwa unene wa ukuta. Omba picha ya ndani ya dari ambako plasta haikufika, au ya rundo lililobaki nje. Rundo lina faida ya ziada: karibu yake huwa kuna majivu na kuni zilizoungua, au mashine ya kubana yenye mkono mrefu na matofali yaliyofunikwa nailoni, au mbao za kubebea bloku pembeni ya lundo la mchanga.

Na usiandike kamwe kwamba tofali la udongo lina saruji kwa sababu tu limebanwa vizuri. Mashine hiyo hiyo hubana udongo mtupu, na kwenye picha mawili hayo hayatofautiani. Mimi huandika "tofali la udongo lililobanwa, saruji haijathibitishwa", kisha naomba kipande kilowekwe kwenye ndoo ya maji usiku kucha na nitumiwe picha yake asubuhi. Lisilo na saruji huwa limekuwa tope.